Mrejesho: Maelezo ya mteja yaliyotawanyika, sasa ni slaidi 7

Niliuliza: "Mteja kanitumia voisi noti, picha za skrini na maelezo yanayopingana. Nipangeje posti ya slaidi?"

Nimeandika kila wazo mstari wake, nikauwekea alama: tatizo, hatua, ushahidi au mwito. Mgongano ukajitokeza hapo hapo: voisi inataka kuuza kozi, maandishi yanataka kufundisha tu. Nikamuuliza mteja, "Msomaji akimaliza slaidi ya mwisho, afanye nini?" Akajibu, "Ajiandikishe darasa la bure." Swali hilo ndilo la kutanguliza, kwa kweli: baada ya jibu hilo, bei ya kozi na historia ya mteja vyote vikaondoka. Zimebaki slaidi 7: tatizo, hatua nne, ushahidi, mwito. Ushahidi bado mtupu, nimemwomba matokeo ya mwanafunzi aliyeridhia yatumike.