Mjadala: Je, komenti zilizo ndani ya msimbo zitafsiriwe kwa Kijapani, au tuishie kwenye mwongozo?

Mwanzisha mada, Tudor

Tuna maktaba ndogo ya C inayosoma mizani ya malori, na komenti zake tuliziandika kwa Kiswahili. Wenzetu wa Yokohama wameomba mwongozo na komenti kwa Kijapani. Tulikubaliana kwamba msimbo, majina ya parameta na amri visiguswe, na havikuguswa. Tangu tafsiri iingie, jumla ya uzito inatoka sifuri kwenye kompyuta zetu za Linux, ilhali kwao, kwenye Windows, inatoka sawasawa. Je, komenti zitafsiriwe kweli?

Fundi, Makadara

Mimi nimeyapitia mabadiliko yote kwa `git diff`, mstari baada ya mstari, na sikuona mstari hata mmoja uliobadilika ila zile zinazoanza na `//`. Ili nisije nikayategemea macho peke yake, niliziondoa komenti kwenye faili zote mbili kwa amri hii, kisha nikazilinganisha:

```sh
gcc -fpreprocessed -dD -E -P mizani.c
```

Zilitoka sawa kabisa. Kwa hiyo tafsiri haina hatia, na ningewashauri muanze kuukagua waya unaotoka kwenye mizani. Komenti ni maneno ya binadamu ambayo kompaila huyatupa kabla haijafanya kazi yoyote, na kitu kinachotupwa hakiwezi kubadilisha jumla. Zitafsiriwe.

Msimamizi wa mitambo mstaafu, Kizingo

Kijana wangu, umeangalia mahali panapostahili lakini umeliona nusu yake tu. Mwanzisha mada alinitumia faili yenyewe jana usiku, na sehemu yenye kasoro ni hii:

```c
int jumla = 0;
// 重量一覧表
jumla = ongeza(jumla, uzito);
andika(jumla);
```

Komenti hiyo ya Kijapani inasema "orodha ya uzito", na kwa maana haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye baiti. Faili haikuhifadhiwa kwa UTF-8, bali kwa Shift_JIS, mfumo wa zamani wa herufi ambao baadhi ya vihariri kwenye Windows ya Kijapani bado huutumia pale vinapoachiwa vichague vyenyewe. Katika mfumo huo herufi nyingi za Kijapani hubeba baiti mbili, na herufi ya mwisho ya komenti hiyo, 表, ni baiti 95 ikifuatwa na 5C. Hiyo 5C ndiyo ileile namba ya bakslashi. Kompaila ya Linux haijui kwamba baiti hizo mbili ni herufi moja, hivyo inaona komenti iliyoishia kwa bakslashi, na katika C bakslashi iliyo mwisho wa mstari huunganisha mstari huo na unaofuata. Mstari wa `ongeza` umemezwa ukawa sehemu ya komenti. Hakuna kosa linalotangazwa, programu inakubalika, na `andika` inachapisha sifuri. Huko Yokohama kompaila yao inaisoma faili kama Shift_JIS, inaitambua 表 kuwa herufi moja, na mstari unabaki salama. Ndiyo maana kila upande unaapa kwamba mwenzake ndiye mwenye hitilafu.

Sasa kuhusu jaribio lako. Chaguo la `-fpreprocessed` huiambia kompaila kwamba faili imekwisha kuandaliwa, na kwa sababu hiyo hatua ya kuunganisha mistari yenye bakslashi inarukwa. Ulipima kwa kipimo ambacho kimezimwa mahali penye ugonjwa. Liondoe chaguo hilo ulinganishe upya:

```sh
gcc -E -P asili/mizani.c > a.txt
gcc -E -P tafsiri/mizani.c > b.txt
diff a.txt b.txt
```

Mstari wa `jumla = ongeza(jumla, uzito);` utaonekana upande wa asili tu. Jaribio hili nalo lina mpaka wake, kwa sababu sehemu zilizofungiwa ndani ya `#if` kwa ajili ya mfumo mwingine hazionekani mpaka uwashe sharti lake. Lakini hata kabla ya hapo mngepata onyo la bure la `multi-line comment` kama mngekuwa mnatumia `-Wall`, ambayo nimeona haimo kwenye Makefile yenu, jambo ambalo sitalisema mara ya pili hadharani.

Fundi, Makadara

Nimerudia, mzee, na mstari haupo. Nimeirudia `git diff` pia, na sasa naona kwamba ile takataka niliyoidhani ni ukosefu wa fonti inaishia kwa `<95>\`. Bakslashi ilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Je, tukiongeza nafasi tupu mwisho wa komenti, haitatosha?

Msimamizi wa mitambo mstaafu, Kizingo

Haitatosha kwa kompaila hii. GCC huhesabu bakslashi kuwa ya mwisho wa mstari hata ikifuatwa na nafasi tupu. Watu wa zamani walikuwa wakiweka nukta ya Kijapani, 。, baada ya herufi kama hizo, au wakitumia komenti ya `/* */`, na njia hizo hufanya kazi. Lakini huko ni kuziba ufa mmoja mmoja, kwa kuwa 能 na ソ nazo zina 5C mkiani, na neno 機能, yaani utendaji, halikosi kwenye komenti za programu. Dawa ni kuigeuza faili nzima:

```sh
iconv -f CP932 -t UTF-8 mizani.c > mizani-utf8.c
```

Katika UTF-8 hakuna baiti ya herufi ya Kijapani inayoweza kufanana na bakslashi. Waambieni pia Yokohama waiongeze `/utf-8` kwenye kompaila yao, kwani bila hiyo wao ndio watakaoisoma UTF-8 kana kwamba ni Shift_JIS, na baiti ya mwisho ya komenti inaweza kuubeba hata mwisho wa mstari, hasa faili ikiwa na mistari ya mtindo wa Linux. Watajua wakiona onyo la `C4819`.

Muagizaji wa magari, Changamwe

Mimi naunga mkono tafsiri kwa dhati, ila naona mmeigeuza kichwa chini. Kila mwezi napokea magari kutoka Japani, na mteja wa kwanza kulifungua gari huuliza kwa nini skrini imejaa maandishi asiyoyaelewa na redio yake haivuki 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kama kuna vijana hapa wanaojua Kijapani, si wangetutafsiria hizo skrini kwa Kiswahili kwanza?

Mfasiri, Nyali

Kaka yangu, hapa tunatoka Kiswahili kwenda Kijapani, na redio yako haiponi kwa tafsiri, kwa sababu imeundwa kwa masafa ya kwao yanayoanzia 76. Hilo ni la fundi wa redio.

Faili hiyo niliihifadhi mimi, kwenye kompyuta yangu ya Windows niliyoiweka kwa Kijapani, na nimekubali. Hata hivyo naomba kosa la kuhifadhi lisigeuzwe kuwa hoja dhidi ya kutafsiri komenti. Fikirieni msomaji wa Yokohama. Jina la parameta ni `uzito`, na kanuni inasema lisiguswe, nami ninaitii kwa sababu akiandika jina jingine msimbo wake hautakwenda. Lakini kwake neno hilo ni herufi tano tu zisizo na maana. Mfasiri wa Kiingereza akiacha `weight`, Mjapani hukisia. Mimi nikiacha `uzito` hana pa kuanzia. Kwa hiyo kwenye mwongozo, mara ya kwanza jina linapotajwa, huliacha kama lilivyo na kuliwekea maana kando yake, hivi:

```
引数 `uzito`(重量)を合計に加算します。
```

Baada ya hapo nabaki na `uzito` peke yake. Sasa mtu huyohuyo akifungua faili ya msimbo akute komenti za Kiswahili, tumemsaidia nini?

Wanaotafsiri wajihadhari pia na kibodi. Unapoandika Kijapani, kibodi hubaki kwenye hali hiyo, na ukiandika `--kipimo` bila kurudi kwenye herufi za Kilatini, vistari viwili hugeuka kuwa alama pana zinazofanana navyo mno, na nafasi huwa nafasi pana. Kwa jicho ni sawa. Msomaji akinakili amri hiyo, programu inasema haiitambui. Mimi siandiki amri tena kwa mkono, nazinakili kutoka kwenye asili.

Mwandishi wa programu, Bamburi

Dada, kuhusu mwongozo sina ubishi. Kuhusu komenti bado napinga, na sababu yangu haihusu baiti. Mwongozo wetu unatafsiriwa kwa faili za `.po`, ambamo kila sentensi ya Kiswahili ina mwenziwe wa Kijapani. Tukiibadilisha sentensi ya asili kidogo, `msgmerge` huiwekea tafsiri ya zamani alama:

```
#, fuzzy
msgid "Huongeza `uzito` kwa kilo kwenye jumla."
msgstr "`uzito` を合計に加算します。"
```

Mpaka mfasiri aipitie, msomaji huonyeshwa Kiswahili, kwa sababu `msgfmt` huziacha tafsiri zenye alama hiyo. Yaani tafsiri iliyochakaa hujificha yenyewe. Komenti ndani ya msimbo haina mlinzi kama huyo. Mwezi ujao nikibadilisha kipimo kutoka kilo kwenda tani, nami sijui hata herufi moja ya Kijapani, ile komenti itaendelea kusema kilo na hakuna chombo kitakachopiga kelele. Afadhali msomaji asielewe komenti kuliko aelewe jambo ambalo si kweli tena.

Mfasiri, Nyali

Na komenti zako za Kiswahili je, huwa unazibadilisha kila unapobadilisha msimbo? Nimezitafsiri zote, nami nimekutana na tatu zinazoelezea fanksheni ambazo hazipo tena. Ruby ilizaliwa Japani, na kwa miaka yake ya mwanzo maelezo yake mengi yalikuwa kwa Kijapani; watu wa nje ndio waliohangaika kuyafuata. Lugha ya komenti hufuata wanaoutunza msimbo. Kama Yokohama nao watautunza, sauti yao imo.

Msimamizi wa mitambo mstaafu, Kizingo

Hapo ndipo penye swali lenyewe, na si la kompaila. Wakiusoma tu, namuunga mkono ndugu wa Bamburi. Wakiwa na ruhusa ya kuubadilisha, hoja ya dada ina uzito, na usiniambie nimetania.

Mwanzisha mada, Tudor

Tumeigeuza faili kuwa UTF-8, tumeongeza `-Wall`, na ulinganisho wa `gcc -E -P` sasa hauonyeshi tofauti yoyote. Kabla ya kuigeuza, ulionyesha mistari miwili iliyomezwa. Wa pili ulikuwa chini ya komenti iliyoishia kwa 機能, nao ndio uliokuwa ukikagua kama lori limezidisha mzigo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameligundua. Mwongozo unabaki kwa Kijapani kwa mtindo wa dada. Komenti tumezirudisha Kiswahili kwa sasa, hadi Yokohama watujibu kama wanataka kusoma tu au kuandika pamoja nasi.

Mfasiri, Nyali

Nimeitunza tafsiri ya komenti kando, kwa UTF-8. Na zile tatu zisizo na fanksheni, zifuteni hata kwa Kiswahili.