Nimetaka kubadilisha sauti tu, gemu lote likageuka Kijapani, na dukani nikapigwa

JinoLaPembe

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Gemu hili nalicheza kwa maandishi ya Kiingereza (Kiswahili hakimo, tumeshazoea). Juzi nikataka wahusika waongee Kijapani, maana zile sauti za Kiingereza ni kama mtu anasoma tangazo la msiba. Nikaingia kwenye mipangilio. Kuna mistari miwili, `Text Language` na `Voice Language`, imebanana kiasi kwamba kidole kimoja kinaifunika yote. Nikagusa, nikachagua Kijapani, gemu likajizima na kujiwasha. Kila kitu Kijapani! Menyu, misheni, vitufe. Na sauti? Kiingereza kilekile.

Sasa ngojeni wizi wenyewe. Kulikuwa na mhusika anaondoka baada ya siku mbili. Kumvuta kwa bahati nasibu mara kumi kunataka fuwele 3,000, mimi ninazo 600. Nikafungua duka, nikaona kadi ya bei rahisi, ina picha ya rundo la fuwele na namba kubwa 2,900. Namba haihitaji mkalimani. 600 na 2,900 ni 3,500, kazi imekwisha. Nikalipa. Zikaingia 500. Mia tano! Ninazo 1,100 na mhusika anaondoka. Hizo 2,400 zangu zimekwenda wapi? Hawa ni wezi wa mchana kweupe.

Bi_Kimya

Pole sana. Umeangalia kama gemu lina ruhusa ya maikrofoni? Mimi sauti ilikuwa haitoki kwa wenzangu kwenye timu hadi nilipoiruhusu.

JinoLaPembe

Dada yangu, siongelei kuzungumza na timu. Naongelea sauti za wahusika. Na fuwele zangu!

FundiWaBure

Rahisi tu. Weka lugha ya simu iwe Kiingereza, gemu litaifuata. Na bei za dukani zitarudi kwenye sarafu yako.

MzeeWaRaundi

Fundi, hapo umepatia nusu. Gemu nyingi huangalia lugha ya simu siku ya kwanza tu unapolifungua. Ukishachagua mwenyewe ndani ya gemu, linashika chaguo lako na la simu halilihusu tena. Simu za Android 13 kwenda juu zina ukurasa wa kuchagulia lugha kila programu peke yake, lakini unafanya kazi pale tu waliotengeneza programu wameuunga mkono. Na sarafu ya bei haifuati lugha kabisa. Inafuata nchi iliyosajiliwa kwenye akaunti yako ya duka la simu.

JinoLaPembe, rudi kwenye alama ya gia. Tafuta kichupo chenye tufe la dunia au herufi A. Mstari ulioanza na `テキスト` ni wa maandishi, wenye `音声` au `ボイス` ni wa sauti. Gusa ule wa kwanza, orodha itafunguka, na kila lugha humo imeandikwa kwa jina lake yenyewe. Kwa hiyo `English` utaiona kwa herufi unazozijua hata mengine yote yakiwa michoro machoni pako.

Ukishatulia, gusa wa sauti. Hapo usitegemee kusikia Kijapani papo hapo. Maandishi ni mepesi na huwa yamo tayari, lakini sauti ni furushi zito linalopakuliwa peke yake, mara nyingi zaidi ya GB 1. Pengine ndiyo maana hukuambiwa usubiri chochote mara ya kwanza: ulipogusa maandishi hapakuwa na cha kupakua. Lugha ikibadilika bila kuombwa kupakua, shuku kwamba umegusa mstari usio wako. Na furushi la Kiingereza halitaondoka lenyewe, litaendelea kula nafasi mpaka ulifute.

Kuhusu fuwele, piga picha ya skrini ya ile kadi, uniandikie herufi zilizo karibu na 2,900.

JinoLaPembe

Maandishi yamerudi. Asante mzee. Sauti inapakuliwa, 41% na betri inalia. Kuhusu kadi, picha nilikuwa nayo tangu juzi, mwanangu mkubwa kanisaidia kuzichapa. Juu ya 2,900 kuna `合計`. Chini, kwa herufi ndogo kama mchwa: `30日間`, `毎日80`, halafu `即時500`.

MzeeWaRaundi

Basi fuwele zako hazijaibiwa, zimewekwa foleni. `合計` ni jumla. `即時500` ni 500 za papo hapo. `毎日80` ni 80 kila siku, na `30日間` ni kwa siku 30. Themanini mara thelathini ni 2,400, ongeza 500, unapata 2,900 yako. Hata ungeingia siku zote mbili kabla mhusika hajaondoka ungeongeza 160 tu, ufike 1,260. Ile 3,000 ilikuwa haifikiki kwa kadi hiyo hata kidogo. Tena kwenye kadi nyingi za aina hii, siku usipoingia, 80 za siku hiyo zimepotea.

Kuna jingine. Karibu na 500 huenda utaona `有償`, na karibu na 80 `無償`. Ya kwanza ni fuwele za kulipia, ya pili ni za bure. Zinafanana kama pacha, lakini baadhi ya ofa hupokea za kulipia peke yake. Kabla hujalipa, tafuta kitufe cha `詳細` au alama ya i pembeni ya bidhaa. Yale yote yamo humo. Dirisha la malipo la simu halitakusaidia, linaonyesha jina la bidhaa na bei basi.

Kipepeo77

Usithubutu kufuta gemu ukidhani likisakinishwa upya litarudi Kiingereza! Mimi lilinigeukia Kikorea, nikafuta. Nilikuwa nacheza kama mgeni, sijaunganisha akaunti na barua pepe. Miezi minane ya mchezo imekwenda. Lilirudi kwa Kiingereza kweli, nikiwa hatua ya kwanza.

FundiWaBure

Haya, ya bei nimekubali. Lakini si aombe tu kurudishiwa hela? Google wanarudisha ndani ya saa 48.

MzeeWaRaundi

Ndani ya saa 48 *unaomba*, hawajaahidi kurudisha. Ukichelewa unaelekezwa kwa waliotengeneza gemu. Wa iPhone wanaombea `reportaproblem.apple.com`. Asiziguse hizo 500 kwanza: ukizitumia halafu hela irudi, gemu linaweza kukuachia salio la hasi au kuifunga akaunti.

Bi_Kimya

Kumbe ni hivyo. Lakini jamani, yote si yalikuwa yameandikwa pale? Huo ni wizi au ni haraka?

JinoLaPembe

Yameandikwa kwa herufi za mchwa, dada, na jumla ikapigwa kwa herufi za tembo! Kwa nini wasikuze ile 500 ninayoipata leo? Hata ingekuwa kwa Kiingereza, jicho lingekimbilia 2,900.

Nimeomba hela saa ya 46. Google bado kimya. Wa gemu nimewaandikia kupitia fomu yao juzi nikiwa bado kwenye Kijapani, na jibu limefika: kurasa mbili za Kijapani. Mzee wa Raundi, nakutumia picha yake sasa hivi. 500 sijazigusa.