Wamenikata mara mbili tiketi za boti, samahani yao imekuja na namba ambayo benki hawaijui

Karafuu_Kavu:
Jamani niacheni niseme maana nshafura. Jumanne ile tarehe 4 Machi nlikwenda Malindi kukata tiketi za boti ya Pemba, watu wanne, 140,000, nkalipa kwa kadi. Mashine ikazunguka weee mwisho ikatoa karatasi imeandikwa imekataliwa, kijana wa kaunta akanambia mjomba weka tena, nkaweka, ikapita. Kufika nyumbani natazama simu, 140,000 zimeondoka mbili!! Nkalalamika, kimya. Leo tarehe 12 ndo wamejibu, someni wenyewe:

"Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa kukatwa mara mbili. Fedha yako itarejeshwa tarehe 14/03. Namba ya kuulizia: CMP-0381. Ahsante kwa kuendelea kusafiri nasi."

Nkaenda benki na hiyo CMP yao, dada akaiingiza, hamna kitu, akanambia hii si namba yetu. Sasa ntaulizia wapi mie, baharini? Na hiyo tarehe 14 ndo wanaituma wao au ndo naiona mie? Hata kiasi hawakuandika. Eti ahsante kwa kusafiri nasi, kwani nna njia nyengine?

Baharia71:
Yakhe tuliza presha, hizo ngoja masaa 24 zinarudi wenyewe, ni sistimu tu.

Karafuu_Kavu:
Masaa 24 yashapita zamani, soma tarehe.

mama_Salma:
Hata mie yalinkuta, nlinunua umeme wa tukuza pesa zikakatwa mara mbili na tokeni zikaja mbili, mpaka leo sijarejeshewa.

Mhasibu_Wete:
Bi mkubwa wewe umenunua mara mbili, iingize na hiyo tokeni ya pili utapata umeme wako.
Karafuu, ile karatasi iliyokataliwa unayo au umetupa? Tazama palipoandikwa RRN, ni tarakimu 12, benki wanatafutia hiyo. Na kwenye simu ile ya kwanza inaonekana imekamilika au bado inasubiri?

Karafuu_Kavu:
Ninazo zote mbili. Iliyokataliwa 506314218830, iliyopita 506314218847. Kwenye simu, ile ya kwanza bado inasubiri.

Mhasibu_Wete:
Basi ndo zenyewe. Mara nyingi hiyo 5 ya mwanzo ni mwaka 2025 na 063 ni siku ya 63 ya mwaka, ndo hiyo tarehe 4 Machi yako. Ilivyokuwa, benki yako ilikubali ikazizuia pesa, jibu likapotea njiani, mashine ikachoka kusubiri ikasema imekataliwa. Kwa hiyo hizo pesa hao wa boti hawanazo, zimefungwa kwako huko huko benki. Kinachotakiwa wao wapeleke ombi la kuachia kwa RRN ya kwanza. Na ujue ikiachiwa hutoona mstari wa pesa kuingia, ule unaosubiri utapotea tu na salio la kutumia litapanda. Watu wengi hapo ndo wanagombana na benki bure. Ingekuwa imekamilika ndo ungeona 140,000 nyengine inaingia na namba yake mpya.

kaunta_ya_mbele:
Mie nipo kwenye kazi hizo, siisemei ofisi, lakini samahani sana mjomba, barua ile ni mbovu. CMP ni namba ya faili letu la malalamiko, nje ya ofisi haimsaidii mtu. Ombi la 140,000 lilipelekwa kwa benki yetu tarehe 10, na tarehe 14 ndo siku tunayotarajia benki yako iachie, si siku ya kutuma. Ulizia kwa inayoishia 8830. Tafadhali usiwape 8847 wakairudisha kwa makosa, hiyo ndo malipo ya tiketi zako, ikirudi tiketi zinafutwa. Na namba ya kadi usiweke humu.

Karafuu_Kavu:
Sasa haya maneno manne yalikuwa mazito kuyaandika kwenye barua? Mpaka mtu apige kelele kadamnasi ndo aambiwe?
Haya nimewapigia benki na 8830, WAMEIONA, lakini wanasema ombi la kuachia halijawafikia. Nyie mnasema limetoka tarehe 10. Nani muongo?

Mhasibu_Wete:
Yawezekana hakuna muongo. Likitoka benki yao linapita kwanza kwenye mtandao wa kadi, na pengine limekwenda na RRN isiyokuwa sahihi likakwama. Mwambie kaunta akupe maandishi kuwa ombi lilikwenda na 8830.

Baharia71:
Si nlisema zinarudi wenyewe, huo mzuio unakwisha muda tu.

Mhasibu_Wete:
Unakwisha kweli, ila siku ngapi inategemea benki yake, na yeye anataka pesa yake kabla ya sikukuu.

Karafuu_Kavu:
Kaunta, nimekuandikia pembeni, nataka barua mpya yenye 140,000, 8830, tarehe ombi lilipotoka na jina la aliyepeleka. Ijumaa hiyo baada ya sala natazama salio, likiwa vile vile nakuja Malindi na karatasi zangu mbili, na foleni yenu ya tiketi itanisikia.