Munatuma jibu moja kwenye picha, kisha munalia alama: barua kwa L1, TP ya ekartipi

Asista_Stat

Wanafunzi wa L1, nimechoka. Swali lilikuwa hili: bei ya kopo moja ya maharagi kwa wauzaji watano waliochaguliwa Kadutu, faranga 2 500, 3 000, 3 000, 3 500 na 4 000. Tafuta ekartipi. Nimefungua picha moja baada ya nyingine, na nyingi zina mstari mmoja tu: «509,9». Imetoka wapi? Nani anajua!

Hesabu nzima haijazi hata nusu ukurasa. Jumla ni 16 000, ukigawa kwa 5 wastani ni 3 200. Chora jedwali, toa wastani kwenye kila bei: −700, −200, −200, 300, 800. Hapo simama kidogo uzijumlishe. Zisipotoa sifuri, kosa liko juu, usiendelee. Kisha uzidishe kila moja kwa yenyewe: 490 000, 40 000, 40 000, 90 000, 640 000, jumla 1 300 000. Ukigawa kwa 4 unapata 325 000, na kipeo chake cha pili ni faranga 570,09.

Aliyeandika 509,9 aligawa kwa 5. Kwenye kalkilatrisi fx-82MS alibonyeza `xσn` pahali pa `xσn-1`, vinafuatana kwenye menyu moja. Kama angeonyesha jedwali, ningemkata 2 juu ya 10 kwa kugawa vibaya, na jibu la mwisho nisingelikata tena, maana linafuata kosa lile lile. Bila jedwali ninaona namba isiyo sahihi, basi. Sifuri.

Na picha zenyewe! Kivuli cha mkono kinafunika mstari wa chini, ndipo mgawanyo ulipo. Penseli inang'aa chini ya taa. Koma inapotea, 3,2 inakuwa 32. Andika kwa biki, piga mchana karibu na dirisha, simu iwe sawa juu ya karatasi, pembe zote ine zionekane. Andika 1/2 na 2/2 juu ya kurasa. Kwenye WhatsApp tuma kama dokima, kwa sababu ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na namba ndogo zinafutika.

Kadutu_Juu

Bwana asista, heshima kwako, lakini hii si haki. Kwenye kursi ya stat ya kueleza data tuligawa kwa n, varyansi ni jumla ya mraba kugawa n. 509,9 ni jibu la kursi. Sifuri ya nini?

Mama_wa_Jedwali

Mdogo wangu, uko sawa nusu. Kama hao watano ndio wauzaji wote tunaotaka kujua, gawa kwa 5. Swali linasema «waliochaguliwa Kadutu», kwa hiyo wanasimamia wengine ambao hatukuwauliza, na mikengeuko imepimwa toka wastani wao wenyewe, si ule wa soko zima. Jumla ya mraba inakuwa ndogo kuliko ilivyopaswa. Kugawa kwa 4 kunarekebisha hiyo. Ungeandika tu «nimegawa kwa n, nimewahesabu kama wote», mwalimu angejua ulifikiri.

Kadutu_Juu

Basi swali liandikwe wazi, «sampuli». L1 atajuaje?

Asista_Stat

Hapo sikatai kabisa. Nitaangalia swali. Sifuri ya mstari mmoja inabaki.

Fils_Ibanda

Yaya, simu gani nzuri ya kupiga karatasi? Yangu kamera imepasuka.

Mama_wa_Jedwali

Hatuuzi simu hapa, mdogo wangu. Azima ya mwenzako dakika mbili.

Neema_L1

Mimi nilipata 547,7, si 509,9 wala 570. Niliambiwa ni uongo. Nilitumia njia fupi, kwa maelfu: jumla ya mraba 52,5 kugawa 5 ni 10,5, kutoa 10,2, inabaki 0,3.

Mama_wa_Jedwali

Kosa ni hiyo 10,2. 3,2 mara 3,2 ni 10,24, wewe ulikata 4 ya mwisho. Toa vizuri: 10,5 − 10,24 = 0,26, kipeo chake 0,5099, yaani faranga 509,9. Njia fupi inatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, kwa hiyo ukizungusha kidogo tu, kinachobaki kinaharibika sana. Zungusha mwishoni peke yake. Tena, umeandika mistari mine na kosa limeonekana mara moja.

Neema_L1

Kwa hiyo nitarudishiwa alama?

Asista_Stat

Kwenye picha uliyonitumia kulikuwa 547,7 peke yake. Tuma karatasi yenyewe, kama uliitunza.

Bagira_24

Na dokima inakula mega tatu ao ine kwa ukurasa. Nani analipa hizo mega, bwana asista?