Tupeane uzoefu: gesti ya vyumba 8 Mbeya, nguvu ya matangazo iende wapi?

Njiapanda_Uyole: Wadau, gesti iko Mwanjelwa. Wa kutangaza ni mtu mmoja, ana saa 6 kwa wiki. Instagram, ramani ya Google, bodaboda au vipeperushi: azigawe vipi?

Mtu_wa_Mafinga: Zote Instagram. Ni bure na watu wako huko.

Daftari_la_Kaunta: Kaka, kwa muuza magauni ni sawa, mtu hununua alichokiona hata kama hakukipanga. Kwa gesti, wengi watakaokufuata ni wakazi wa Mbeya, nao wanalala kwao.

Njiapanda, weka daftari mapokezi mwezi mmoja. Maswali ni mawili: "Ulitusikia wapi kwanza?" na "Umetumia nini kufika?" Ukiuliza moja tu utapotoka. Tuseme wageni 40: 22 waliambiwa na mtu, 9 waliletwa na boda, 6 walituona kwenye ramani, 3 Instagram. Ramani inaonekana ndogo. Kumbe kwenye swali la pili, 19 waliifuata ramani hiyohiyo. Walioambiwa na ndugu wanakutafuta huko. Pini ikikaa barabara kuu badala ya mlangoni, au namba haipokelewi usiku, sifa ya ndugu inamfaidisha jirani yako.

Kwa hiyo wiki ya kwanza saa zote ziende kwenye ramani: pini, namba, picha za choo na maegesho. Google ikidai video ya uthibitisho, onyesha mtaa, kibao, kisha ufungue mlango kwa funguo. Baada ya hapo nusu saa kwa wiki inatosha kujibu maoni. Instagram nayo nusu saa, ili aliyeambiwa akichungulia akute picha mpya. Zinazobaki zipeleke kwa wageni wa zamani na madereva.

Shamba_Njombe: Mimi nauza miche ya parachichi. Vipeperushi vinachapwa wapi kwa bei poa?

Daftari_la_Kaunta: Dada, bei ya kuchapa sijui ya huko, ila kwako karatasi ina kazi kuliko kwa gesti. Nane Nane ni Agosti, mvua za kupandia ni Novemba hivi. Kufikia hapo posti imeshazama, kadi bado iko kwenye pochi. Andika aina ya mche, mahali pa kitalu na namba, basi.

Kijiwe_Kabwe: Kwenye boda hapo angalieni. Ukilipa kwa kila kichwa, dereva atakudai hata kwa mgeni aliyemtajia mwenyewe jina la gesti. Na jirani akiongeza mia tano, abiria anapelekwa huko.

Daftari_la_Kaunta: Ndiyo maana swali la kwanza aulizwe mgeni, dereva akiwa ameshaondoka.

Kijiwe_Kabwe: Akiondoka bila hela leo, kesho hakuletei mtu.

Njiapanda_Uyole: Na mkilipa jioni kwa pamoja, kwa kufuata daftari? Kuna aliyejaribu?