Mrejesho: kifungu cha kuondoka mapema, mkataba wa nyumba Valencia

Niliuliza: "Nasahihishaje makosa ya uandishi kwenye mkataba wangu wa pango Uhispania bila kugusa maana?"

Asanteni sana wakuu. Kifungu kinachomruhusu mpangaji kuondoka baada ya miezi sita, akitoa taarifa mapema, kilikuwa hivi:

```
El arrendatario podra desistir transcurrido seis meses, avisando con treinta (60) dias de antelacion.
```

Nimeweka alama zilizokosekana: podrá, días, antelación. Nimeweka pia wingi, transcurridos. Hapo hakuna haki ya mtu iliyosogea.

Ila ile treinta (60) sijaigusa. Maneno yanasema 30, tarakimu zinasema 60. Sheria ya upangaji ya 1994 (LAU), kifungu cha 11, inataka taarifa ya angalau siku 30, kwa hiyo ningeweza kuandika 30 nikaendelea. Lakini mwenye nyumba anaweza kushikilia kwamba tulikubaliana 60, na tofauti hiyo ni kodi ya mwezi mzima. Huo ni uamuzi, si usahihishaji. Nimepaka njano, pembeni nikamwandikia wakili: "Ipi inashika?" Nimemuuliza pia kama siku zinahesabiwa tangu taarifa itumwe au ipokelewe, maana kifungu kiko kimya.

Mwenye nyumba amekubali tusubiri jibu kabla ya kusaini.