Nimekatwa NSSF miezi 29, stetimenti inaonyesha 21, na hiyo 21 nayo ina walakini

Wakuu, nimekuja na hasira, mnivumilie.

Nilianza kazi kwenye kampuni moja hapa Dar Februari 2022, tukapunguzwa Juni 2024. Hesabu ya vidole tu, hiyo ni miezi 29. Kila mwezi slipu ya mshahara ilionyesha makato ya NSSF, hakuna mwezi waliosahau. Kukata hawakusahau hata siku moja!

Juzi nimechukua stetimenti, nikakaa nayo mezani na kalamu nyekundu. Kosa langu la kwanza ni kwamba nilisoma safu ya tarehe ya malipo. Nikaona kuanzia Juni hadi Oktoba 2022 hakuna kilichoingia, nikajua hapo ndipo nilipoibiwa. Kumbe sivyo. Kwenye safu ya mwezi wa mchango, Mei, Juni, Julai na Agosti zipo zote, ila zililipwa siku moja, Novemba 2022. Yaani walichelewesha, lakini walilipa.

Wizi wenyewe ulikuwa pale nilipopaona pazima. Januari 2023 kuna malipo, Machi 2023 kuna malipo, nikapita haraka. Baadaye nikaangalia malipo yale ni ya mwezi gani. Ya Januari ni ya Oktoba 2022. Ya Machi ni ya Februari 2023. Sasa Novemba, Desemba na Januari ziko wapi? Hazipo popote kwenye karatasi. Kisha baada ya Januari 2024 ni kiza mpaka siku tunaondoka. Jumla miezi 8.

Nikiwauliza mhasibu na bosi wake wananijibu "mfumo unasumbua". Mfumo wa kukata mbona haukusumbua?

Kuna anayejua hatua inayofuata? Na kuna kingine nimekosa kukiona?

Mwanajangwani
Pole mkuu, ila unajipa presha bure. Ukiwa na slipu umeshamaliza kazi. Slipu ndiyo mchango wenyewe, ukifika dirishani wanakuhesabia.

Mama Wawili
Mwanajangwani, usimpoteze mwenzio. Mimi nimeandaa mishahara miaka 11. Slipu ni ushahidi kwamba umekatwa, haiweki hata shilingi kwenye akaunti yako. Mwajiri anatakiwa aandae orodha ya majina na kiasi cha kila mtu, apate kumbukumbu namba ya malipo, alipe, ndipo mwezi wako unaonekana. Sheria inampa mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Wa Novemba 2022 ulitakiwa uwe umelipwa kabla Desemba haijaisha. Akichelewa kuna adhabu, na adhabu hiyo inamhusu yeye, siyo ya kukatwa kwako.

Mleta uzi, umehesabu miezi tu. Sasa angalia kiasi. Mshahara wako ulikuwa ngapi, na ulipanda lini?

Mleta uzi
Nilianza na 600,000, nikakatwa 60,000. Julai 2023 nikapandishwa hadi 750,000, makato yakawa 75,000. Stetimenti kila mstari unasema 120,000.

Mama Wawili
Mpaka wa mwisho?

Mleta uzi
Mpaka Januari 2024 mama.

Mama Wawili
Basi wamekupiga mara mbili. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwako wewe mlikuwa mnagawana nusu kwa nusu. Kwa 600,000 ni 120,000, sawa. Kwa 750,000 inatakiwa 150,000. Wewe umekatwa 75,000 yako kamili, halafu wao badala ya kuongeza 75,000 nyingine wameongeza 45,000. Walipeleka orodha ya zamani yenye mshahara wa zamani. Kuanzia Julai 2023 hadi Januari 2024 ni miezi 7, kila mmoja umepungua 30,000, hiyo ni 210,000.

Sasa jumlisha. Miezi mitatu ya kwanza iliyopotea kwa 120,000 ni 360,000. Mitano ya mwisho kwa 150,000 ni 750,000. Ukiweka na hiyo 210,000 unapata 1,320,000. Hakikisha kwa njia ya pili: miezi 17 ya mshahara wa zamani ni 2,040,000, na 12 ya mshahara mpya ni 1,800,000, jumla 3,840,000. Toa 2,520,000 iliyopo kwenye stetimenti. Ikija ileile, hesabu yako imesimama. Usiende ofisini useme "nimeibiwa miezi". Nenda na karatasi yenye mwezi, mshahara, kilichotakiwa, kilicholipwa.

Kipanga77
Na mimi nisaidieni. Nimehama kampuni binafsi nimeingia halmashauri, michango ya NSSF inakwenda wapi? Nikichukua zote sasa hivi kuna shida?

Mama Wawili
Kipanga, hilo ni la kuhama mfuko, fungua uzi wako, hapa tutachanganyana.

Fundi Chuma
Mimi ilinitokea miezi 4 haionekani, nikamtukana mwajiri mpaka tukakosana. Kumbe alilipa, ila namba yangu ya uanachama ilikosewa tarakimu moja kwenye orodha, hela ikakaa pembeni. Mleta uzi, waulize wenzako kwanza. Kama miezi hiyohiyo imekosekana kwa wote, hajalipa. Kama ni wewe tu, tafuta kosa la namba, au una namba mbili za tangu kibarua cha zamani.

Mwanajangwani
Mbona asilipie mwenyewe hiyo 8 akaidai kampuni baadaye? Ni rahisi zaidi.

Mama Wawili
Kwa nini alipe deni la mtu mwingine, wakati nusu yake alishalipa kwenye slipu? Achukue slipu zote, mkataba, barua ya kupunguzwa na stetimenti, apeleke kwa tawi la NSSF linalohudumia kampuni hiyo, aombe ikaguliwe. Mkaguzi anaingia na kuangalia daftari la mishahara dhidi ya kilicholipwa. Mfuko unaweza kumshtaki mwajiri kudai hiyo hela. Na apate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mleta uzi
Nimewauliza kwenye kundi letu la Wasapu. Tisa wamejibu, wote miezi ileile 8 haipo. Basi siyo namba, Fundi Chuma, ahsante.

Kilichoniuma zaidi ni dogo mmoja wa stoo. Alianza Novemba 2022, kafanya miezi 20. Yake inaonyesha 12. Mimi kwa 21 yangu fao la kukosa ajira bado naweza kuliomba, kwa sababu wanataka angalau 18. Yeye kwa 20 angepita, kwa 12 hapiti. Mke wake ana mimba, na hela aliyokatwa Novemba ileile ya kwanza kazini haijafika mpaka leo.

Fundi Chuma
Dogo aende naye siku hiyohiyo, wakaguliwe pamoja. Kampuni bado ipo lakini?

Mleta uzi
Ndiyo nimetoka kupita pale sasa hivi. Bango limebadilishwa jina. Magari ni yaleyale, mlinzi ni yuleyule, ananiambia "hawa ni wengine". Mama Wawili, hapo inakuwaje? Deni linamfuata nani?

Mama Wawili
Hapo sikudanganyi, inategemea ni usajili mpya kabisa au wamebadilisha jina tu. Piga picha bango, tafuta jina la zamani kwenye mkataba wako, vyote viingie kwenye faili. Mkaguzi ndiye ataanzia hapo.